Dakika arobaini hazikututosha
Leo zuio la malori mjini lilianza saa 12 asubuhi. Saa 11:20 tulikuwa bado kilomita 25 nje, semi imejaa mzigo. Utingo akaniambia, "Kaka, tunawahi." Nikakataa. Kuvuka mpaka wa zuio hakutoshi, lazima uwe umefika ghala na geti limefunguliwa. Ukikwama ndani huna pa kugeuzia.

Tukaingia yadi ya malori, kabari kwenye matairi, tukalala hadi zuio liishe jioni. Pembeni mwa barabara siegeshi kamwe: udongo laini unameza matairi ya tela, na usiku anayekuja nyuma huiona akiwa ameshaifikia. Inaniuma miji inapotufungia barabara bila kututengea pa kungojea.