Y au e, o au u: nilivyozishika kwa kuandika Kihispania kwa tahajia ya Kiswahili

Kanuni niliyofundishwa kwenye kozi ya jioni hapa Arusha ilikuwa fupi. "Na" ya Kihispania ni y, lakini neno linalofuata likianza na i au hi, weka e. "Au" ni o, ila mbele ya o au ho inageuka kuwa u. Basi. Ada ilikuwa laki na ushee, na kwa hela hiyo nilitegemea waniambie na habari za fisi.

Maana ukitaka kuona kanuni hiyo inapopwaya, wapeleke watalii Wahispania Seronera, ndani ya Serengeti, asubuhi moja. Viboko ni hipopótamos: elefantes e hipopótamos, sawa. Swala pala ni impalas: jirafas e impalas, sawa tena. Halafu wanatokea hienas, fisi. Neno limeanza na hi kama la kiboko, kozi inasema e, nami nikatangaza kifua mbele: leones e hienas! Mama mmoja mtu mzima, mwalimu mstaafu kutoka Zaragoza, akanigusa bega. "Leones y hienas, hijo." Nikabisha. Nikamtolea daftari. Akasoma, akacheka, akasema aliyeniandikia vile anatazama herufi, wakati hapa Wahispania hawatazami herufi, wanasikiliza.

Niliporudi mjini kila mtu alikuwa na ushauri. Mmoja akaniambia nitumie y na o kila mahali, wageni wataelewa tu. Wataelewa, ndiyo, kama sisi tunavyomwelewa Mzungu anayesema "kitabu kiangu". Mwingine, huyu anajiita mtaalamu, akanipa dawa ya kukariri: orodha ya maneno ya hie yanayobaki na y. Hielo, barafu. Hierro, chuma. Hierba, majani. Hiena. Nikayakariri ndani ya gari kama mtoto wa madrasa, mpaka wageni wakadhani naomba dua kabla ya kuvuka korongo. Orodha ilinisaidia kwa agua y hielo, maji na barafu, kwa sababu hiyo naisema kila siku nikifungua sanduku la vinywaji. Likija neno ambalo halimo, nakwama, na mgeni hasubiri upekue daftari huku chui anashuka mtini.

Kilichonifungua ni kuelewa kwa nini wanabadilisha. Kwenye Kihispania irabu mbili zikikutana kati ya neno na neno huungana kwa pumzi moja. Sasa sema haraka siete o ocho, saba au nane. Ile o ya katikati inamezwa na o ya ocho, inasikika kama sieteocho, na "au" imepotea. Wanaisogeza kwa irabu jirani, siete u ocho, nayo inasikika. Vivyo hivyo jirafas y impalas: y yenyewe hutamkwa i, ikikutana na i ya impalas inazama. E inaiokoa. Na hiyo e si kitu kilichotungwa kwa dharura. Inatokana na et ya Kilatini, na Kihispania cha kale kilijaa e kila mahali, kama Wataliano na Wareno wanavyoitumia mpaka leo. Baadaye y ikatawala, e ikabakia mbele ya i tu, ambako ilikuwa na kazi. Ndiyo maana wale wafalme wa zamani wa Hispania ni Fernando e Isabel, lakini ukimtanguliza mke inakuwa Isabel y Fernando.

Sisi wenyewe hatuna haki ya kushangaa. Ki ya kitabu ikikutana na irabu tunasema changu, chote, chenye, na hakuna mtoto aliyewahi kupewa orodha.

Sasa ujanja wangu, na huu sikupewa na mtu. Neno linalofuata liandike kichwani kwa tahajia ya Kiswahili, vile linavyotamkwa. H ya Kihispania ni bubu, kwa hiyo inajifuta yenyewe. Hipopótamos inakuwa ipopotamos: imeanza na i, basi e. Hienas inakuwa yenas! Imeanza na y, na y kwetu si irabu, hakuna kinachomezwa, y inabaki. Hielo ni yelo, hierba ni yerba. Orodha nzima ya yule mtaalamu imeingia kwenye herufi moja. Hombre, mwanamume, inakuwa ombre: mujer u hombre. Huevos, mayai, inakuwa webos, imeanza na w, basi pan o huevos, wala si u. Kuna maneno machache kama hiato ambayo wengine hutamka iato na wengine yato, na Wahispania wanakubali zote mbili, e kwa wa kwanza na y kwa wa pili. Tahajia ya Kiswahili inakupa jibu hata hapo, mradi ujue wewe mwenyewe unatamkaje.

Tarakimu ndizo huwaumbua wengi, kwa sababu macho hayaoni o yoyote. 8 ni ocho, 11 ni once, 80 ni ochenta. Kwa hiyo unaandika 7 u 8, 10 u 11, 70 u 80. Lakini 17 o 18, kwa kuwa 18 ni dieciocho, inaanza na d. Ukikuta kitabu cha zamani kimeandika 3 ó 4, ile o yenye alama juu, usiige. Alama hiyo iliwekwa ili o isifanane na sifuri, na tahajia rasmi ya 2010 iliiondoa.

Kitu kingine wanachokosea wenzangu ni kutazama neno la nyuma. Wanasema safari e playa kwa sababu safari imeishia na i. La nyuma halihusiki. Ni safari y playa, na ni Kilimanjaro o Meru ingawa Kilimanjaro imeishia na o. Linalohesabika ni la mbele: Mikumi e Iringa, Manyara u Olduvai. Himo ilinipa shida kidogo, maana sisi h yake tunaitamka. Jina la kigeni ambalo h yake inasikika hubaki na y, kama Bill y Hillary, basi mimi nasema Moshi y Himo. Mhispania akiimeza h akasema Imo, yeye atasema e, na sitambishia.

Na iko sehemu moja ambapo i inafuata kabisa na bado y haigeuki. Tumemaliza chakula cha mchana, gari liko tayari, nahesabu vichwa, mmoja hayupo. Nauliza: ¿Y Iñaki? Hapo y haiungi majina mawili, imebeba swali lenyewe, "yuko wapi?", na inatamkwa kwa mkazo, kwa hiyo haiwezi kumezwa. Ukisema ¿E Iñaki? watakutazama. Mara nyingi Iñaki yuko msalani.