Siku yangu Kariakoo: neno moja kwenye invoisi lilivyotaka kula dola elfu nne na ushee

Saa 12 kasoro asubuhi niko kwenye foleni ya mwendokasi Kimara, simu inatetemeka, wotsap. Ni mama mmoja mteja wangu anauza vifaa vya bekari, ametuma picha saba za makaratasi, mbili zimekatwa pembeni na moja ina kivuli cha kidole, na voisi ya dakika nne anasema "mwanangu kontena liko njiani, kliaringi kanipigia hesabu ya kodi nimekaa chini, hebu nisomee haya makaratasi yamesema nini". Kazi yangu ndo hiyo, nilisoma Kichina, na sasa nakaa kachumba ghorofani Kariakoo natafsiri mikataba, invoisi na makaratasi ya meli kwa wafanyabiashara wanaoagiza mzigo China. Kusoma makaratasi ni nusu tu ya kazi, nusu ya pili ni kumueleza mtu amelipia nini na nini bado.

Saa 2 nafungua leptop. Makaratasi ni manne ya maana. Invoisi ya Kiingereza, pakingi listi, BL yaani ile hati ya meli, na fomu ya forodha ya China ambayo muuzaji anajaza mzigo ukitoka kule. Hiyo ya mwisho iko Kichina kitupu, wengi hawaiombi kabisa, mi huwa nawaambia iombeni kwa sababu forodha ya huku wakitilia shaka bei yako hiyo ndo karatasi wanayoweza kuitaka.

Naanza na invoisi. Kwenye sehemu ya maelezo ya bidhaa imeandikwa hivi tu: MIXER, 20 PCS. Basi. Mixer ya nini? Ya zege? Ya juisi? Ya muziki? Nikageukia ile fomu ya Kichina, pale kwenye jina la bidhaa kuna herufi tatu, ya mwisho maana yake mashine, ya katikati unga, ya kwanza kukanda. Mashine ya kukandia unga, na chini yake model, umeme wa fezi tatu, na kila moja inakanda kilo 25 za unga kwa mara moja. Hiyo sio ya jikoni kwa mtu, hiyo ni ya bekari. Na pembeni yake kuna namba ndefu ya HS inayoanza na 843810.

Hapa nikaacha chai ikapoa. Kila bidhaa duniani ina namba yake ya forodha na tarakimu 6 za mwanzo ni zilezile China, Tanzania, kokote wanakotumia mfumo huo. 8438.10 ni mashine za bekari, na kwenye ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki hizo zinaingia asilimia 0 kwa sababu ni mtambo wa kuzalishia. Ila mixer ya chakula ya nyumbani iko 8509.40 na hiyo ni asilimia 25. Kliaringi alipewa invoisi tu, kaona MIXER, kaenda zake kwenye ya nyumbani. Simlaumu sana, kasoma kilichoandikwa.

Saa 3 na nusu nampigia mama, namwambia muuzaji aandikiwe SASA HIVI, kwa sababu China wametutangulia masaa matano, ikifika saa 7 mchana hapa kule saa 12 jioni watu washafunga ofisi. Nikaandika mwenyewe kwa Kichina kupitia akaunti ya mama: tunaomba invoisi na pakingi listi zitolewe upya, jina la bidhaa liandikwe kamili, mashine ya kukandia unga ya bekari, model, nguvu ya umeme, kilo inazokanda. Bei isiguswe. Mama akadakia kwenye simu "si umwambie na bei ashushe kidogo basi", nikamwambia mama hapana, bei iko kwenye fomu ya kule, ukija na invoisi yenye bei nyingine umejichongea mwenyewe, na forodha wana bei za mizigo kama hiyo ya wenzako, wakiona yako iko chini sana wanaikataa na kuipandisha, na faini juu. Akacheka, "haya mwalimu".

Saa 4 hadi saa 6 natafsiri kimya kimya. Sehemu inayoniumiza kichwa kila siku ni uzito. Kuna uzito wa mzigo pamoja na mbao na maboksi, na kuna uzito wa mashine zenyewe. Zamani nilikuwa naandika "uzito halisi" kwa ule wa pili, mteja mmoja akaelewa kinyume, akamjazia wakala namba ya mashine tupu wakati BL ina namba ya mzigo na mbao zake, makaratasi hayalingani, wakaanza kuzungushwa huku siku za bure za kontena zinakatika. Tangu hapo naandika kirefu, "uzito pamoja na vifungashio" na "uzito bila vifungashio", iwe ndefu isiwe ndefu. Afu nalinganisha BL na pakingi listi mstari kwa mstari: idadi ya maboksi, uzito, namba ya kontena, namba ya lakiri, na jina la mpokeaji lifanane na la kwenye TIN herufi kwa herufi. Leo yako sawa, namshukuru Mungu, maana kurekebisha BL meli ikishatoka ni hela na ni siku.

Saa 7 mama kafika mwenyewe na mihogo ya kukaanga, kakaa. Swali la kwanza: "Mwanangu mi nilinunua FOB Ningbo, dola elfu 14, mbona wanapiga kodi kwenye elfu 16 na mia 5?" Swali zuri kuliko anavyodhani. FOB maana yake muuzaji kazi yake inaishia kupakia mzigo kwenye meli pale bandari ya Ningbo, China. Kuanzia hapo nauli ya meli ni yako, bima ni yako, na mzigo ukizama ni wako. Mashine 20 kwa dola 700 ni 14,000, nauli ya kontena la futi 20 alilipa 2,400, bima 100, jumla 16,500, hiyo ndo CIF. Na forodha yetu inapiga ushuru kwenye CIF, yaani thamani ya mzigo ukiwa umefika bandarini Dar, haijalishi wewe ulinunua kwa masharti gani. Kwa hiyo unalipa kodi mpaka kwenye nauli ya meli. Akaguna.

Akauliza angenunua CIF si ingekuwa nafuu? Hapo ndo wengi wanapigwa. Ukinunua CIF muuzaji analipa nauli na bima mpaka Dar, sawa, lakini hatari inahamia kwako palepale mzigo unapopakiwa China, kama FOB tu, mzigo ukiharibika baharini we ndo unakimbizana na bima, tena bima aliyoichagua yeye. Na CIF haina kodi ndani yake, haina gharama za bandari, haina lori. Kuna mtu alikuja hapa analia kabisa anasema nilishalipia mpaka Dar, kumbe alilipia mpaka meli ifike.

Tukachukua karatasi tukapiga hesabu mbili. Nimeacha ile ada ya forodha na tozo ya reli, zipo ila ni asilimia ndogo. Kwa namba ya mixer ya nyumbani, ushuru asilimia 25 ya 16,500 ni dola 4,125. VAT asilimia 18 haipigwi kwenye 16,500, inapigwa baada ya ushuru kuongezwa, yaani kwenye 20,625, inakuja 3,712.50. Jumla 7,837.50. Kwa namba ya mashine za bekari ushuru ni 0, VAT asilimia 18 ya 16,500 ni 2,970, basi. Tofauti dola 4,867.50. Mama akaishika ile karatasi akaisoma mara mbili midomo ikicheza, afu akasema "kwa neno moja?"

Saa 9 alasiri tukampigia wakala, yule kliaringi wa asubuhi, spika wazi. Kaka mstaarabu tu, ila hesabu aliyomtumia mama ilikuwa namba moja, "kodi na kliaringi jumla", na hapo ndo huwa nagoma. Wakala wa forodha ana leseni ya TRA, anaingiza tamko la mzigo wako kwenye mfumo wa forodha na kuambatanisha makaratasi, anachukua dilivari oda, ile ruhusa ya kuachiwa mzigo, kwa wakala wa meli, analipia bandari, anasimamia ukaguzi, anapata ruhusa ya kutoa, anapanga lori na kurudisha kontena tupu. Kodi yeye hapangi. Tathmini ya forodha inatoka na kontrol namba, na mwenye mzigo ana haki ya kuiona. Kwa hiyo nikamwambia kaka naomba utugawie: kodi kwa tathmini yenyewe, wakala wa meli kwa risiti, bandari kwa risiti, lori, halafu ada yako wewe. Kimya kidogo. Afu akasema hamna shida dada, nitumie invoisi mpya na ile fomu ya Kichina na tafsiri yake, na katalogi kama ipo, maana hii lazima wataishika.

Na kweli, namba ya asilimia 0 kwa kitu kinachofanana na cha asilimia 25 lazima waitazame mara mbili, na wa mwisho kuamua ni afisa wa forodha, sio mimi wala wakala.

Saa 10 invoisi mpya ilikuwa imeshaingia, jamaa wa Ningbo walijibu kabla hawajafunga. Nikamalizia tafsiri, nikagonga muhuri, nikatuma. Pale nje mvua, nikakaa mpaka saa 12 nikimueleza kijana mwingine tofauti ya storeji na demareji, storeji unalipa bandari kwa mzigo kukaa pale kwao, demareji unalipa kampuni ya meli kwa kukaa na kontena lao, ni hesabu mbili tofauti zinazokimbia kwa pamoja, alikuwa anadhani akilipa moja kamaliza.

Saa 3 usiku niko nyumbani nakula, voisi ya wakala: "Dada nimewaza, meli ikifika tamko likaangukia nyekundu, yaani njia ya ukaguzi, watafungua kontena, mwambie mama amuulize muuzaji kama kile kibati cha model kimegongwa kwenye kila mashine." Nikamuandikia muuzaji hapohapo japo kule ni saa 8 usiku. Asubuhi nimekuta picha ishirini za vibati walizopiga kabla ya kupakia, vyote vina model ileile ya kwenye invoisi, kasoro kimoja ambacho kibandiko cha plastiki kimekifunika nusu. Nimemwambia mama aje na kisu kidogo.