Shikamooni, kabla ya shauri

Juzi tukiwa tunajiandaa kwenda kutoa mahari, binti wa kaka yangu alinivuta pembeni akaniuliza: "Shangazi, tukifika, nimsalimie nani kwanza?" Nikamwambia asubiri wakubwa waanze, ila kichwa changu kilikuwa kimeshapanda mlima hadi kwenye ofisi yetu ya kata, mwaka 2022, enzi nikiwa katibu wa baraza.

Shauri lenyewe lilikuwa la kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga. Mume alifariki, mjane akaenda kwao Kondoa kukaa na mama yake, na aliporudi alikuta mstari wa masale, mimea iliyopandwa kuwa mpaka, umesogea hatua kadhaa upande wake. Shemeji yake mkubwa alisema masale hayajasogea, ni yeye aliyesahau. Ukoo ulishajaribu kuwapatanisha. Nilisoma muhtasari wa kikao kile: kilifunguliwa kwa "Bwana Yesu asifiwe," kikaendelea kwa Kichaga, na mwisho mtu akaandika kwamba upande wa mjane haukutoa ushirikiano. Mjane alikuwa amekuja na mama yake mzazi, bibi Mrangi, Muislamu, asiyejua Kichaga hata neno. Angeshirikiana vipi na salamu isiyokuwa yake?

Wakati huo sheria ilikuwa imebadilika. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, baraza la kata haliamui tena mgogoro wa ardhi. Linasuluhisha tu, na siku 30 zikipita bila suluhu, mwenye shauri anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa hiyo wajumbe watatu waliokaa siku ile hawakuwa na hukumu ya kumtishia mtu. Walichokuwa nacho ni namna ya kuwafanya watu wazungumze, na mwenyekiti wetu, mama wa Kichaga, alijua kwamba namna hiyo huanza kabla hata mlango haujafungwa.

Shemeji alifika mapema. Alimsalimia mwenyekiti kwa Kichaga, kwa furaha, maana wanatoka mtaa mmoja. Mwenyekiti akamjibu vizuri, akamwomba akae kwenye benchi la nje, naye akabaki mlangoni. Hakuingia naye ndani. Mjane angefika na kuwakuta wawili hao wamekaa chumba kimoja wakicheka, salamu yoyote ya baadaye ingekuwa bure.

Tulipoingia, mabenchi mawili yalikuwa yanaitazama meza kwa umbali uleule. Nikafungua daftari. Mwenyekiti akasema taratibu, "Katibu, weka kalamu kwanza." Nililiona hilo mara nyingi baadaye: mtu akiona kalamu inatembea wakati anaulizwa habari, anajibu kama anatoa ushahidi.

Kisha akasimama. Hakumpa mtu mkono, kwa sababu mkono lazima uanze kwa mmoja. Yeye alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, shemeji alimzidi, na bibi wa Kondoa aliwazidi wote. Desturi ilimdai shikamoo. Akimpa shemeji kwanza, amempa heshima ya mwenye nyumba. Akimpa bibi kwanza, amemtukuza mgeni mbele ya mwenyeji. Akatazama katikati ya mabenchi yale mawili, akasema:

"Shikamooni wazee wetu."

"Marahaba," wakaitikia. Shemeji na bibi, kwa pamoja, bila kupangana. Nilimwona shemeji akigeuza shingo kidogo kumtazama bibi, na bibi naye akamtazama. Katika kikao cha ukoo, kwa jinsi nilivyousoma muhtasari wake, watu hawa hawakuwahi kuitikia jambo moja. Sasa walikuwa wazee wawili waliopokea heshima moja kutoka kwa mtu mmoja, na hakuna aliyenyang'anywa chochote ili mwenzake apate.

Mwenyekiti hakukimbilia shauri. Akasema, "Poleni nyote na msiba." Alisema nyote. Mara nyingi pole huenda kwa mjane peke yake, na ndugu wa marehemu hukaa pale kama hawakufiwa, wakati mtu huyu alimzika mdogo wake. Shemeji akainamisha kichwa akasema, "Tumeshapoa, mama." Mjane naye akasema wameshapoa.

Halafu akauliza habari. Hapa ndipo nilipomheshimu zaidi, kwa sababu Kiswahili kina habari nyingi na karibu zote zilikuwa na miiba siku ile. Habari za shamba? Shamba ndilo lililowaleta. Habari za nyumbani? Nyumba ya nani? Habari za watoto? Watoto wa mjane ndio waliodaiwa kihamba hicho. Akauliza, "Habari za mvua huko njiani?" Ilikuwa Aprili, masika yamekolea, na wote walikuwa na matope viatuni.

Shemeji akajibu haraka, "Wote tumefika salama, mama."

"Asante, mzee," mwenyekiti akasema. "Na upande huu?"

Akasubiri. Mjane alikuwa anatazama daftari langu lililofungwa. Kimya kilikuwa kirefu, mjumbe mmoja akaanza kukohoa, ila mwenyekiti hakukijaza. Mwishowe mjane akasema barabara ilikuwa na utelezi, mama yake nusura aanguke pale kwenye mfereji. Shemeji akasema, "Pale pabaya, hata mimi nimeshikilia mgomba." Hapo ndipo mwenyekiti alipokaa. Akaeleza kwamba hatutaamua nani ana haki, kwamba mjane ataanza kusema kwa kuwa ndiye aliyeleta shauri wala si kwa sababu nyingine, na kwamba kila mmoja atasikilizwa bila kukatizwa. Hakutamka "mlalamikaji" wala "mlalamikiwa." Kisha akaniambia, "Katibu, sasa andika."

Mengine niyapitie upesi. Tulikaa tena, tukaenda kuyaona masale yenyewe. Njia ya kupita na zamu ya maji ya mfereji walikubaliana. Mpaka haukupatikana, tukaandika hati ya kushindwa kusuluhisha, na shauri likashuka wilayani. Siwezi kusema salamu iliwapa njia na maji. Labda walikuwa tayari wamechoka. Ninachojua ni kwamba bibi wa Kondoa alizungumza, dakika nyingi tu, na ni yeye aliyekumbuka kwamba marehemu alimwonyesha mahali pa kupita ng'ombe.

Ila kuna jambo la shemeji ambalo bado linanisumbua. Baadaye nilikutana naye njiani, akaniuliza kwa nini mwenyekiti, Mchaga mwenzake, kwenye ardhi ya Wachaga, alifungua kikao kwa Kiswahili kitupu. "Nje alinijibu kwa lugha yetu. Ndani nikawa mgeni," alisema. Nikamwambia yule bibi asingeelewa. Akasema, "Si angetafsiriwa? Mimi nilizika mdogo wangu kwa lugha ile."

Sikuwa na la kumjibu, na nadhani alikuwa na haki yake. Kiswahili kilichotuweka sawa sisi wengine kilimchukulia yeye kitu. Siku hizi, ninapoitwa kusuluhisha, huwatembelea watu wa kila upande kabla ya kikao nikawauliza wangependa kusalimiwa kwa lugha gani, na wazee wao ni akina nani. Wakitofautiana naanza kwa Kiswahili, kisha naomba kila upande uwasalimie wenzao kwa namna ya kwao. Wengine hukubali. Wapo waliokataa kabisa kuitikia, na hapo huwa najua tutakaa mpaka jioni.