Siku moja yadi: tipa ipi iongezewe kilomita kabla ya kumwaga oili?

Saa 11 alfajiri. Nasimamia matengenezo ya tipa chache hapa Tabata. Kabla hazijatoka kuwahi foleni ya Mandela, utingo anavuta kijiti cha oili na kunisomea. Ikiongezwa hata lita moja naandika daftarini. Sio ubahili. Oili mpya inayotiwa juu ya ya zamani huipunguzia uchafu, kwa hiyo injini inayokula oili inaweza kutoa majibu mazuri oili ikipimwa maabara kuliko injini nzima. Bila daftari utadanganyika.

Saa 3 asubuhi. Majibu ya sampuli za oili tulizopeleka maabara yameingia kwenye barua pepe. Tipa mbili, injini aina moja, oili ile ile ya 15W-40, zote tunamwaga kwa kilomita 5,000 kwa mazoea. Ya kwanza hufuata kokoto Lugoba, barabara ndefu ya lami. Ya pili inazunguka saiti za mjini.

Ya Lugoba tulishaichukulia sampuli ikiwa na kilomita 5,000, tukaiacha iendelee na oili ile ile bila kuongezwa kitu, tukachukua tena kwenye 7,000. Mara ya kwanza chuma kilichosagika ndani ya oili kilikuwa 28 ppm, yaani sehemu 28 kwa milioni, sasa ni 39. Mwenye haraka ataona kimepanda. Gawanya kwanza: 28 kwa 5 ni 5.6 kila kilomita elfu, na 39 kwa 7 ni karibu hiyo hiyo. Injini inalika kwa mwendo ule ule, oili haijachoka kuilinda. Kingepanda kwa kasi zaidi katika zile elfu mbili za mwisho, ningerudi 5,000 bila kujadiliana na mtu. Unene nao, ukipimwa kwenye nyuzi 100, ni 14.1, uko ndani ya kiwango cha daraja 40, ambacho ni kuanzia 12.5 hadi chini ya 16.3. TBN, yaani akiba ya oili ya kuua asidi, ilianza 10 na sasa ni 5.8. Mimi sivuki nusu ya ilipoanzia, kwa hiyo nafasi ipo, ila si kubwa.

Ya mjini ni habari nyingine. Kwa kilomita 5,000 tu chuma ni 61, silikoni 34, alumini 14. TBN na unene viko sawa kabisa! Ungeangalia oili peke yake ungesema iongezwe. Silikoni ikipanda yenyewe inaweza kuwa gundi ya gasketi tu, hasa injini ikiwa imefunguliwa karibuni. Ikipanda na alumini na chuma kwa pamoja, hilo ni vumbi linaingia na kusaga pistoni, ringi na silinda.

Saa 6 mchana. Naiita yadi. Filta ya hewa ni mpya, dereva analalamika: "Bosi, hii tumebadilisha juzi juzi." Kweli. Fundi anapapasa hosi inayotoka kwenye filta kwenda tabo. Chini ya klipu, upande usioonekana, kuna ufa unaopitisha ukucha, na ndani ya hosi vumbi jekundu limeganda kama unga uliolowa.

Hosi inabadilishwa na oili inamwagwa leo leo, kwa sababu vumbi lililokwisha kuingia linaendelea kusaga. Filta ya oili tunaikata na kukunjua karatasi yake juani. Kipimo cha maabara hakioni vizuri vipande vikubwa vya chuma, vile vinabaki kwenye filta. Hatukuona vinavyometa.

Saa 9 alasiri. Tipa nyingine imerudi, sampuli ichukuliwe injini ikiwa bado moto, kabla uchafu haujatuama. Mpira mpya unapita tundu la kijiti bila kugusa chini ya karta, pampu inavuta, chupa inafungwa papo hapo. Lebo: namba ya gari, kilomita za gari, kilomita za oili, lita zilizoongezwa.

Saa 11 jioni. Mama mwenye magari anapiga: "Mwanangu, basi zote tupeleke elfu kumi?"

"Hapana mama. Ya Lugoba iende 7,500, na ikifika hapo nipime tena kabla sijamwaga. Ikirudia majibu haya mara mbili tatu ndipo tuongee."

"Na ya mjini?"

Ya mjini inabaki 5,000, na nusu ya safari nitachukua sampuli kuona kama silikoni imeshuka. Hata ikishuka, siipi kilomita za mwenzake. Ikisimama foleni ya Buguruni kilomita hazisogei huku oili inapikika, kwa hiyo kwake nitaanza kuhesabu saa za injini. Mama ameguna, akauliza geji ya saa inauzwa bei gani.