Nilivyoomba punguzo la ada ya mafunzo, na hesabu iliyonisaidia kulipata

Ninatengeneza siagi ya karanga mjini Morogoro pamoja na wasichana wawili wanaonisaidia kukaanga, kusaga na kufungasha. Karanga ninazinunua Kongwa na Kibaigwa, magunia 3 kwa mwezi, na kwa miaka miwili sikuwa na tatizo kubwa, hadi siku mnunuzi mmoja wa duka kubwa aliponitaka nipeleke majibu ya maabara kwa kila shehena. Shehena ya kwanza ilipita. Ya pili, kutoka kwa mkulima yuleyule, ilikutwa na sumukuvu zaidi ya mikrogramu 10 kwa kilo, kiwango ambacho viwango vya Afrika Mashariki haviruhusu kuvukwa katika karanga. Niliposoma tangazo la mafunzo ya siku 3 jijini Dar es Salaam kuhusu namna ya kuchukua sampuli na kudhibiti sumukuvu kwenye nafaka na karanga, niliona kwamba jambo linalonisumbua ndilo lililoandikwa pale, ila ada ilikuwa shilingi 650,000.

Kwa biashara yangu hiyo si fedha ndogo. Mauzo yangu wakati ule yalikuwa kama 2,400,000 kwa mwezi, na nikishatoa karanga, vifungashio, umeme, usafiri na mishahara ya wale mabinti, kilichobaki kilikuwa 450,000 hivi.

Ombi langu la kwanza nililituma kwa ujumbe wa simu. Nilimwandikia mratibu kwamba mimi ni mjasiriamali mdogo, hali ya biashara ni ngumu, naomba nisamehewe ada au nipunguziwe chochote kile. Alijibu baada ya siku 2 kwamba bei ni moja kwa washiriki wote. Wakati ule nilimwona ana roho ngumu. Nikiusoma ujumbe wangu leo, sioni ni nini ambacho angeweza kufanya nao: haukuwa na kiasi, haukuwa na kiambatisho, na neno "chochote" lilimwachia yeye kazi ya kunipangia bei na kisha kuitetea kwa wakubwa wake.

Aliyenifungua macho ni binamu yangu anayepika kwa ajili ya semina na harusi. Nilipomlalamikia, aliniuliza kama ninajua ada ile inalipia nini, nikawa sijui. Akaniambia kwamba katika semina yoyote kuna gharama za aina mbili. Ukumbi, posho na nauli za wawezeshaji hulipwa kiasi kilekile hata wakija watu 10 au 30. Chakula, chai, kabrasha, cheti na vifaa vya mazoezi huongezeka kwa kila kichwa kinachoingia mlangoni. Mwandaaji anayekusamehe ada yote anatoa fedha mfukoni kukulisha, lakini ukimlipia ile sehemu ya kichwa chako, kiti chako hakimgharimu kitu, mradi ukumbi umekwisha kulipiwa na ada za wengine.

Nilimpigia simu karani wa ofisi ile, si mratibu, nikamuuliza kwa upole ada inajumuisha nini. Alinitajia bila kusita: chai mara mbili na chakula cha mchana kwa siku zote 3, kabrasha, cheti, na vipimo vya haraka vya sumukuvu ambavyo kila mshiriki angevitumia kwa vitendo. Binamu yangu akakadiria chakula na chai kwa ukumbi wa aina ile kuwa 55,000 kwa siku, yaani 165,000 kwa siku 3. Kabrasha na cheti tuliweka 25,000, na vipimo 50,000. Jumla ikawa 240,000. Nikaamua kuomba nilipe 260,000, ili hata kama tumekosea kidogo, mwandaaji asiingie hasara kwa ajili yangu.

Safari hii niliandika barua rasmi ya ukurasa mmoja, siku 24 kabla ya mafunzo. Kichwa chake kilikuwa "YAH: OMBI LA KUPUNGUZIWA ADA YA MAFUNZO YA UDHIBITI WA SUMUKUVU KUTOKA SH. 650,000 HADI SH. 260,000". Niliweka kiasi kwenye kichwa cha barua kwa makusudi, kwa sababu barua hizi hupita mezani kwa watu kadhaa, na wengi wao hawafiki aya ya tatu. Aya ya kwanza ilieleza biashara na ile shehena iliyokataliwa. Ya pili ndiyo iliyobeba ombi lenyewe, na niliiandika hivi:

"Ninaomba kulipa Sh. 260,000, kiasi ninachokadiria kinatosha kugharamia chakula, kabrasha, cheti na vifaa vya mazoezi kwa mshiriki mmoja. Nauli na malazi nitajitegemea. Niko tayari kupewa nafasi baada ya washiriki wanaolipa ada kamili kufikia idadi mnayoihitaji, na kama idadi hiyo haitafikiwa, nitaelewa."

Sentensi ile ya mwisho niliifikiria sana kabla ya kuiandika, maana ilikuwa kama kujifunga mwenyewe. Baadaye nilijua kwamba ndiyo iliyonipa nafasi.

Viambatisho vilikuwa vinne tu: cheti cha TIN, leseni ya biashara, muhtasari wa mauzo na gharama za miezi 6 kwenye ukurasa mmoja, na barua ya utambulisho kutoka SIDO mkoa. Barua hiyo nilikuwa nayo tayari, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikimwezesha mjasiriamali mdogo kuhudumiwa na TBS katika kutafuta alama ya ubora bila kulipia mwanzoni. Sikuwahi kufikiri kwamba ingefaa mahali pengine, lakini kwa mtu asiyenijua ilikuwa na uzito kuliko maneno yangu yote, kwa kuwa ilitoka kwa taasisi inayotembelea wazalishaji na kuona mashine zao. Barua ya serikali ya mtaa ninayo pia, ila niliiacha. Inathibitisha mahali ninapoishi, haithibitishi kwamba ninasaga karanga. Ule ukurasa wa mauzo niliunakili kutoka kwenye daftari langu kama ulivyo, pamoja na mwezi mmoja wa hasara, na wala sikuukuza umaskini wangu.

Kimya kilidumu wiki mbili. Sikupiga simu kila siku, ila siku ya 10 nilituma ujumbe mfupi kuuliza kama barua imefika, nikajibiwa kwamba iko kwenye kamati.

Siku 9 kabla ya mafunzo mratibu alinipigia mwenyewe. Tulisalimiana, kisha akaniuliza, "Mama, hesabu hii ya 260,000 umeipata wapi?" Nikamweleza habari za binamu yangu. Alicheka, akasema tumekosea kidogo kwenye vipimo, lakini si kwa kiasi cha kumtia hasara. Kisha akanieleza jambo ambalo natamani ningelijua mapema. Ukumbi wao ulikuwa na nafasi 30, na bajeti ilikuwa inahitaji walipaji kamili 18 ili gharama za ukumbi na wawezeshaji zirudi. Kabla ya kufikisha watu 18 hawezi kumpunguzia mtu hata shilingi moja, awe nani. Wakishafika 18, viti vilivyobaki anaweza kuvitoa kwa bei ya chini, lakini wakati huo wengi wanaoomba wamekwisha kata tamaa au hawajaacha maombi yenye kiasi kinachojadilika. Jana yake walikuwa wamefikia 19. Barua yangu ilikuwa mezani, ikisema wazi kwamba niko tayari kusubiri, kwa hiyo kamati iliipitisha kama ilivyo.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo lilinigharimu. Kwa furaha sikuuliza swali moja la lazima, na ankara ilipoletwa nikakuta imeandikwa 260,000, chini yake VAT asilimia 18 yaani 46,800, na jumla 306,800. Nilirudi kwenye tangazo, na kweli, chini kabisa kwa maandishi madogo palikuwa na maneno "ada haijajumuisha VAT". Kumbe hata ile ada kamili ilikuwa 767,000, na mimi nilikuwa nimejadili bei kabla ya kodi tu. Nilimwandikia mhasibu kwamba uwezo wangu ulikuwa 260,000 kwa jumla, naye akanijibu kwa adabu kwamba muhtasari wa kamati umeandikwa 260,000 kabla ya kodi, na kuubadilisha kunahitaji kikao kingine. Ningeandika maneno mawili tu kwenye barua, "pamoja na VAT", ankara ingeanza na 220,339 na jumla ingebaki 260,000. Kampuni iliyosajiliwa VAT huweza kuirejesha kodi hiyo kwenye hesabu zake, lakini mimi sijasajiliwa, kwa hiyo sina pa kuidai. Nililipa 306,800 ndani ya siku 3 walizonipa.

Kwenye barua ya kukubaliwa kulikuwa na masharti mawili. Kwanza, nafasi ni ya jina langu na haihamishiki, maana yake nikiugua siwezi kumpeleka msaidizi wangu na fedha hazirudi. Pili, baada ya miezi 3 niwaandikie taarifa ya namna nilivyoyatumia mafunzo. Nauli ya treni ya SGR kutoka Morogoro ilikuwa 13,000 kwenda na 13,000 kurudi, na nililala kwa dada yangu Kimara, kwa hiyo gharama yangu yote, pamoja na daladala, haikufika 350,000.

Taarifa niliiandika, kurasa mbili. Nilieleza kwamba nimeacha kuchota sampuli juu ya gunia moja na kuiamini, kwa sababu sumukuvu hukaa kwenye punje chache zilizoharibika na inaweza kukosekana kabisa mahali ulipochota. Sasa ninatumia bambo kuchoma kila gunia juu, katikati na chini, ninachanganya zote, ninasaga, ndipo ninapeleka maabara. Niliambatisha majibu ya shehena 2, moja ikiwa imekataliwa kabla sijailipia. Mratibu aliniomba ruhusa ya kuitumia taarifa hiyo anapowaomba wafadhili viti vya wazalishaji wadogo, nami nikakubali kwa sharti jina la mkulima lifutwe.

Mwaka uliofuata nilimwombea msaidizi wangu mmoja punguzo lilelile, kwa barua ya mtindo uleule, safari hii nikiwa nimeandika "pamoja na VAT" kwa wino mzito. Jibu lilikuja kesho yake: punguzo hutolewa mara moja kwa kila biashara. Mauzo yangu yalikuwa yamepanda, na ukurasa wa miezi 6 nilioambatisha ulionyesha hivyo bila kuficha. Nililipa ada kamili, nikaiweka risiti ya EFD kwenye faili la gharama za mwaka, na binti akapanda treni Jumatatu alfajiri.