Paa ndilo limegusa mawe

"Sijagusa mawe, mama. Paa ndilo limegusa mawe."

Maneno haya yamenikaa tangu Jumatano. Niko kwenye matatu ya Ruiru, nayasikia. Ninaosha vyombo, nayasikia. Ukaguzi wa hesabu kazini umekwisha na dada amejifungua salama, lakini linalonirudia usiku ni sauti ya yule kijana anayetuchorea nyumba kwenye kompyuta.

Picha ya kwanza aliyotutumia ilikuwa hivi: nyumba yetu ya mawe ya Ndarugo, jua la saa kumi na moja jioni, paa jekundu. Tuliipenda yote isipokuwa paa. Nikamwandikia barua, na niliiandika kwa uangalifu, kwa sababu nilishasikia watu wakiomba kitu kimoja wakarudishiwa nyumba nyingine:

"Kijana wangu, nyumba ibaki ilivyo. Usiguse madirisha, baraza wala mawe. Kamera isisogee, na jua libaki lilipo. Badilisha paa tu: liwe kijivu cha mkaa, RAL 7016, lisilong'aa. Kofia za mgongo wa paa na gata zifuate rangi ya paa, lakini mbao za ukingo zibaki nyeupe. Kisha nitolee picha ya pili, mahali pale pale, mchana wa mawingu."

Baba watoto alitaka tumpigie picha kipande cha bati tulichopewa dukani. Tulijaribu. Chini ya taa ya duka kilitoka kijivu cha kijani, nje kikatoka kijivu cha samawati, maana simu hurekebisha rangi yenyewe. Ndiyo maana nikaandika namba iliyokuwa kwenye kadi ya rangi. Na "lisilong'aa" halikuwa pambo: bati linalong'aa huakisi anga, rangi yake ikaonekana imepauka kuliko ilivyo, nawe ukalaumu rangi ilhali kosa ni mng'ao. Mchana wa mawingu niliuomba kwa sababu jua la jioni ni la manjano na hukivuta kijivu kuelekea udongo.

Jumatano picha zikafika. Nikaziweka ile ya zamani na mpya ya jioni zikifuatana kwenye simu, nikawa natelezesha kidole huku na huku. Ukifanya hivyo, kilichosogea hata kidogo kinaruka machoni. Dirisha halikuruka. Mlango haukuruka. Kivuli cha mwembe kilikuwa pale pale. Lakini ule ukuta ulio juu ya paa la baraza ulibadilika! Mawe yaliyokuwa na joto kama mkate yakawa ya kijivu, baridi. Nilikasirika. Nikampigia simu papo hapo, nikamwambia nilimkataza kugusa mawe.

Ndipo akanijibu hivyo, kwa upole.

Akanieleza. Jua likipiga paa la baraza, mwanga hauishii pale. Unadunda na kupanda ukutani, nao unapanda na rangi ya paa. Kompyuta yake huhesabu mdundo huo. Paa jekundu lilikuwa likiyapaka mawe wekundu mwepesi, na lilipokuwa kijivu wekundu ukaondoka. Kuta nyingine, zisizo na paa chini yake, hazikubadilika. Nikaangalia tena. Kweli, hazikubadilika.

"Nikitaka naweza kuyarudishia joto kwa mkono, mama," akasema. "Lakini fundi hataweza kukununulia joto hilo."

Hapo ndipo paliponichoma. Mimi nilidhani nimependa mawe, kumbe nilichopenda kwenye ukuta ule kilikuwa ni paa nililokuwa nalikataa.

Jana jioni nikapita kwa jirani mwenye paa jekundu, nikasimama nje ya ua kama mtu anayesubiri mgeni. Juu ya baraza yake ukuta wa rangi ya maziwa ulikuwa na wekundu mwepesi, na pembeni ulikuwa mweupe tu. Nilifurahi kiasi cha kutaka kumgongea lango nimwonyeshe. Tangu jana naona mdundo huo kila mahali: kitambaa cha kijani mezani kimetia ukijani chini ya bakuli la sukari, na kanga ya mama mkwe inampaka kidevu.

Usiku nikamwandikia kijana: mawe yabaki vile kompyuta ilivyoyahesabu, asirudishe chochote kwa mkono. Paa tunabaki na kijivu. Picha ya mchana wa mawingu ndiyo tutakayompa fundi. Baba watoto bado anasema bati jeusijeusi litatupikia dari, na hilo ni kweli, kwa hiyo tumeongeza tabaka la kuzuia joto chini ya bati kwenye makadirio. Nikamwomba pia radhi kwa ile simu. Akajibu, "Usijali, mama."

Mama yangu hajapokea simu tangu asubuhi. Kikohozi chake cha juzi kilikuwa kikavu sana.