Siku moja na maelekezo yaliyovimba

Saa 2:00 asubuhi. Nimechapisha maelekezo ya mfumo kwenye karatasi, yaani yale maandishi ambayo modeli ya akili bandia huyasoma kabla ya kuzungumza na mteja yeyote. Kampuni yetu huuza sola za kulipia kidogo kidogo, na mteja mwenye tatizo hupokelewa kwanza na modeli hiyo, ndiye msaidizi wetu wa WhatsApp na SMS. Tulianza na kanuni 12. Baada ya miezi 14 ziko 67, kwa sababu kila lalamiko lilipoingia, mtu aliongeza mstari chini bila kusoma ya juu.

Sifuti kitu kwanza. Nachukua mkasi, nakata kila kanuni, kisha nazipanga mezani kwa mada: lugha, urefu wa jibu, malipo, usalama. Kanuni zinazogombana hazikai jirani, kwa hiyo ukisoma kuanzia juu hadi chini huzioni. Ukiziweka pamoja zinajitokeza zenyewe. Kanuni ya kujibu kwa lugha ya mteja, kwa mfano, imeandikwa mara nne kwa maneno tofauti, na moja kati ya hizo nne inalazimisha Kiswahili hata kama mteja ameandika Kiingereza.

Saa 4:00. Hapa ndipo penye kidonda. Kanuni ya 9 inasema jibu lisizidi sentensi mbili. Kanuni ya 51 inasema mteja aliyelipa na taa hazijawaka apewe hatua zote tano za kuingiza tokeni. Modeli haiwezi kutii zote mbili, basi huchagua, na haichagui vilevile kila mara. Ndiyo maana wateja wawili wenye swali lilelile walipata majibu tofauti, mmoja hatua zote, mwingine mbili za mwanzo tu, akabaki gizani. Tulikuwa tukidhani modeli imechoka kufuata maagizo, kumbe ilikuwa inayafuata.

Kabla ya kuamua ipi ibaki, natafuta kwenye historia ya faili jinsi kanuni ya 9 ilivyozaliwa:

```
git log --reverse -S'sentensi mbili' -- maelekezo.md
```

Ujumbe wa badiliko la kwanza ni mfupi: “SMS zinakatika.” Wakati huo tulikuwa na SMS peke yake, na SMS moja hubeba herufi 160. WhatsApp ilikuja baadaye, kanuni ikabaki.

Saa 6:00 mchana nampigia dada wa huduma kwa wateja.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba, mdogo wangu. Niambie.”

“Watu wa SMS bado wapo?”

“Wapo tele. Wenye viswaswadu wote hao. Usije ukawasahau.”

Kwa hiyo siwezi kuifuta. Ila programu yetu inajua ujumbe umetoka wapi, hivyo naitoa kanuni hiyo kwenye maelekezo ya wote na kuifanya iongezwe kwa mazungumzo ya SMS tu. Humo humo naandika kwamba hatua za tokeni zitumwe moja moja, mteja akijibu ndipo ifuate nyingine. Ugomvi umekwisha bila upande wowote kupoteza.

Saa 8:00. Tuna mazungumzo 30 ya zamani tuliyoyahifadhi, majina na namba za simu tumeondoa. Naondoa kundi moja la kanuni kwa wakati mmoja na kuendesha kila mazungumzo mara tano, kwani jibu zuri mara moja halithibitishi kitu. Ukiondoa makundi kumi kwa pamoja na jibu likaharibika, hutajua aliyeharibu ni nani.

Jambo moja lilinisumbua: tumekataza kuomba samahani kila ujumbe, lakini msaidizi bado anaomba. Jibu lilikuwa chini kabisa, kwenye mifano miwili ya mazungumzo. Yote miwili inaanza na “Samahani sana kwa usumbufu.” Modeli iliiga mfano na kuiacha kanuni. Nikasahihisha mifano, na kanuni yenyewe haikuhitajika tena.

Saa 10:00 nilikaribia kukosea. Kanuni ya 38 inakataza kumwambia mteja afungue boksi la betri. Niliiona ni marudio, maana nyingine inasema matatizo ya betri yapelekwe kwa fundi. Majaribio yote yalipita bila hiyo. Kisha nikagundua kwamba hakuna hata mazungumzo moja kati ya yale 30 yanayogusa betri! Nikaandika moja: mteja anasema fundi yuko mbali na usiku umeingia. Nikayaendesha mara kumi bila kanuni ya 38, na mara mbili msaidizi alimshauri afungue aangalie nyaya. Nimeirudisha, na pembeni yake nimeandika sababu.

Saa 12:00 jioni zimebaki kanuni 29. Ya punguzo la bei sijaigusa, kwa kuwa aliyeiandika yuko safarini na historia haisemi kwa nini iliwekwa. Nimeizungushia kalamu nyekundu hadi arudi Jumatatu.